Kutafsiri wosia wa Uingereza kwa ajili ya mahakama ya Tanga: "wadhamini", "mabaki" na "wapwa"

MtafsiriTanga

Habari zenu, ndugu zangu. Nimeletewa wosia ulioandikwa kwa Kiingereza mjini Reading, Uingereza, mwaka 2015. Mwenye wosia alikuwa Mtanzania aliyeishi huko zaidi ya miaka 30 bila kubadili uraia, na alifariki mwaka jana. Ameacha mke, watoto wawili walio hai, na wajukuu wawili wa mtoto wake wa kwanza, ambaye alitangulia kufa. Ana nyumba Reading, akiba benki, na nyumba moja Chumbageni, hapa Tanga. Mahakama ya Uingereza imekwisha kuwapa hati watu wawili aliowateua, yaani mke wake na mwanasheria mmoja wa huko, na sasa wakili wa familia anataka hati hiyo itiwe muhuri upya na Mahakama Kuu ili nyumba ya Chumbageni iweze kushughulikiwa. Tafsiri ya Kiswahili inahitajika kwa ajili ya shauri, na inahitajika zaidi kwa ajili ya ndugu.

Tatizo ni kwamba kuna tafsiri ya kwanza, iliyofanywa kwa haraka na mtu mwingine, na ndiyo iliyosomwa kwenye kikao cha familia. Kaka wa marehemu walitoka kwenye kikao kile wakiamini mambo matatu. La kwanza, kwamba marehemu amewapa "wadhamini" mali yake, na wadhamini wenyewe ni mke na mtu wasiyemjua. La pili, kwamba watoto na wajukuu wameachiwa "mabaki", jambo lililowauma sana. La tatu, kwamba zile pauni 14,000 zilizotajwa kwenye kifungu cha tano ni za "wapwa" tu, hivyo watoto wa dada wanazipata na watoto wa kaka hawapati kitu.

Nimeusoma wosia wenyewe mara nne. Sioni kwamba marehemu alikusudia lolote kati ya hayo, lakini ninapokaa kuandika Kiswahili chake ninaelewa mtafsiri wa kwanza alivyonaswa. Naomba mawazo yenu, hasa kuhusu wale watu wawili walioteuliwa, kwa sababu Kiingereza kinawataja kwa majina mawili ya kazi katika sentensi moja, nami sitaki kupoteza hata moja.

Mwaka_wa_Nne

Dada, nadhani jambo hili ni jepesi kuliko linavyoonekana. Sheria yetu ya mirathi, Sura ya 352, inampa mtu aliyetajwa kwenye wosia na mtu aliyeteuliwa na mahakama wajibu uleule: kukusanya mali, kulipa gharama za mazishi na madeni, kisha kugawa. Wote wawili hupeleka mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi sita kwa Fomu Na. 80, na hesabu ya mwisho ndani ya mwaka mmoja kwa Fomu Na. 81. Kwa kuwa kazi ni ileile, andika "wasimamizi wa mirathi" kila mahali na ndugu watakuelewa, kwa sababu ndilo neno wanalolisikia kila siku mahakamani. Maneno mawili kwa mtu mmoja yatawachanganya bure.

Ustadh_Pongwe

Assalaam alaykum. Mimi naona mnaanzia mbali. Wasia hauzidi theluthi ya mali iliyobaki baada ya mazishi na madeni, na hakuna wasia kwa mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie. Mke ni mrithi, na watoto ni warithi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya karatasi hiyo haina nguvu tangu mwanzo, na mtafsiri ana dhima ya kuwaeleza ndugu hivyo ndani ya tafsiri yake. Mke ana thumuni kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na kinachobaki kinakwenda kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Hao wajukuu wa mtoto aliyetangulia hawarithi ikiwa kuna mtoto wa kiume aliye hai, na hao ndio wanaofaa kuusiwa ndani ya theluthi.

Niongeze kwamba fikihi inalijua jambo la kumwachia mtu manfaa ya kitu bila kumpa kitu chenyewe. Mtu anaweza kuusia kwamba fulani akae katika nyumba au ale kodi yake kwa muda fulani, na rakaba ya nyumba ikabaki kwa warithi. Kwa hiyo msidhani kwamba hilo ni jambo geni lililoletwa na Wazungu.

MtafsiriTanga

Wa alaykumu salaam, Ustadh. Nilipaswa kusema tangu mwanzo kwamba marehemu alikuwa Mkristo, ingawa baadhi ya ndugu zake wa baba ni Waislamu. Kama ingetokea mtu akadai kwamba mirathi hii ifuate sheria ya Kiislamu au mila, hilo lingekuwa la mahakama kuamua kwa kuangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Nami hata hivyo nisingeweza kuliandika ndani ya tafsiri. Tafsiri yangu nitaiapia mbele ya kamishna wa viapo kwamba ni sahihi kwa karatasi niliyoonyeshwa. Nikiongeza humo hukumu yangu kuhusu nguvu ya wosia, nitakuwa nimeapa juu ya jambo ambalo halimo.

Lakini nakushukuru sana kwa neno "manfaa". Kifungu cha saba kinasema mke apate pato la mali maisha yake yote, na mali yenyewe iende kwa watoto baada yake. Mtafsiri wa kwanza aliandika "mke wangu apewe mabaki ya mali kwa maisha yake yote", na ndugu wakasema: basi anaweza kuiuza nyumba ya Chumbageni kesho. Mgawanyo wako wa kitu chenyewe na manfaa yake ndio hasa uliokosekana hapo.

Wakili_Mstaafu

Dada MtafsiriTanga, nimefanya kazi ya mirathi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ningependa kuanza na ushauri wa kijana wetu wa mwaka wa nne, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu ya pili ndiyo itakayokuumiza.

Ni kweli kwamba wajibu unafanana. Lakini mamlaka hayatoki mahali pamoja. Mtu aliyeteuliwa na wosia hupata mamlaka yake kutoka kwa marehemu mwenyewe, tangu siku ya kifo, na hati ya mahakama huja kuuthibitisha uteuzi huo. Msimamizi wa mirathi hupata mamlaka yake kutoka kwa mahakama, na kabla ya hapo hana kitu. Ukiandika "wasimamizi wa mirathi", ndugu watauliza swali ambalo mimi nimelisikia mara nyingi: "Kikao gani cha ukoo kiliwapendekeza?" Kwa msimamizi swali hilo lina mantiki, kwani katika Mahakama za Mwanzo muhtasari wa kikao cha ukoo huombwa kwa kawaida. Kwa mtu aliyetajwa na marehemu swali hilo halina nafasi, kwa maana marehemu amekwisha kumtaja. Kiswahili kina neno lake la zamani kwa mtu huyu, nalo ni "wasii". Serikali yenyewe inalitumia: afisa anayesimamia mirathi zisizo na mtu huitwa Kabidhi Wasii Mkuu. Litumie bila hofu.

Sasa tuje kwa jina la pili la kazi, ambalo ndilo kiini cha ugomvi wa familia hiyo. Kwa sheria ya Uingereza, watu hawa wawili wamevikwa kofia mbili, moja baada ya nyingine. Kofia ya kwanza ni ya wasii, nayo ina mwisho: wanakusanya, wanalipa mazishi, madeni na kodi, wanatoa zile pauni 14,000, na kazi hiyo huhesabiwa kwa miezi. Huko sheria haiwalazimishi kugawa kabla ya mwaka kupita tangu kifo. Baada ya hapo wanavaa kofia ya pili. Sasa mali iliyosalia iko katika majina yao, hati zinasoma majina yao, benki inawatambua wao, lakini faida si yao hata senti moja. Wanaishika kwa ajili ya mke maadamu yu hai, kisha kwa ajili ya watoto. Mama huyo akiishi miaka 25, kofia hiyo itavaliwa miaka 25, na kama mmoja wao atakufa katikati, mwingine atawekwa mahali pake.

Jambo hili la jina la hati kuwa la mtu mmoja na faida kuwa ya mwingine ndilo lisilo na jina moja lililokubalika kwetu. Ustadh amesema vizuri kuhusu manfaa, lakini naomba aangalie tofauti: katika alichokieleza yeye, rakaba inakuwa ya warithi mara moja, na hakuna mtu wa tatu katikati. Hapa yupo mtu wa katikati, na ndiye anayeapa, anayesaini na anayeshtakiwa akiharibu.

Neno rasmi la Tanzania kwa mtu huyo wa katikati ni "mdhamini". RITA ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na huo "udhamini" ndio huu tunaouzungumzia. Misikiti, makanisa na vyama vina bodi za wadhamini kwa maana hiyohiyo. Kwa hiyo mtafsiri wa kwanza hakukosea neno. Alikosea mahali pa kuliweka, maana katika faili la mirathi neno hilohilo lina kazi nyingine: msimamizi anapoweka dhamana mahakamani, watu wanaomsimamia kwa mali zao huitwa wadhamini. Kaka wa marehemu wameshawahi kuona mirathi. Wakisikia "wadhamini wapewe mali", wanawaona watu wa dhamana wakichukua nyumba.

Ningeandika "wadhamini wa amana" kila mahali, bila kubadilisha hata mara moja, na mara ya kwanza ningeweka maelezo ya mtafsiri chini ya ukurasa, nje ya maneno ya marehemu, kwamba hawa si wadhamini wa dhamana ya mahakama.

Binti_Katanga

Samahani kwa kuingilia, mimi niko Lubumbashi na sheria yetu ni tofauti, lakini hadithi ya "wadhamini" imenikumbusha yaliyotupata.

Baba alipofariki aliacha karatasi ya Kifaransa. Huku Kongo, kwa Sheria ya Familia ya mwaka 1987, watoto wana robo tatu ya mali ya mzazi, na mtu hawezi kuwaondolea sehemu yao kwa kuandika tu anavyotaka. Mtu anayekusanya na kugawa mali anaitwa kwa Kifaransa kwa neno lilelile linalotumika kwa mtu anayefunga kampuni na kugawa kilichobaki. Mara nyingi anakuwa mkubwa wa warithi. Kwetu alikuwa kaka yangu. Tulipohitaji karatasi hiyo kwa Kiswahili kwa ajili ya shangazi zetu walio Kigoma, mtafsiri wa huko aliandika kwamba kaka yangu ni "mfilisi" wa baba. Shangazi mmoja alipiga simu usiku akilia, akiuliza baba alifilisika lini na anadaiwa na nani. Ilituchukua wiki nzima kumtuliza, na mpaka leo kuna binamu wanaoamini kwamba kulikuwa na deni lililofichwa.

Kwa hiyo nauliza: je, inawezekana wosia wa Kiingereza ukamnyima mtoto kabisa? Kwetu haiwezekani, na nadhani ndiyo sababu ndugu wanaposikia tafsiri wanatafuta fungu la lazima ambalo halipo.

Wakili_Mstaafu

Binti yangu, ndiyo, inawezekana. Uingereza haina fungu la lazima kwa mtoto wala kwa mke. Ipo sheria ya mwaka 1975 inayomruhusu mwenzi, mtoto au mtu aliyekuwa akitunzwa na marehemu kwenda mahakamani kuomba apatiwe riziki ya kutosha, na kwa kawaida anatakiwa kufanya hivyo ndani ya miezi sita tangu hati ya wasii itolewe. Lakini hilo ni ombi, na jaji ndiye anayepima. Haliko kama robo tatu zenu au thumuni ya Ustadh, ambazo zipo hata kama hakuna aliyeomba. Mtafsiri akikuta kwenye wosia wa Kiingereza mtoto hakutajwa, asidhani amerukwa kwa makosa na kumrudisha kwa neno la jumla.

Karani_Mombasa

Nami nachangia kutoka Mombasa, ambako nimekuwa karani katika ofisi ya mawakili kwa muda mrefu. Nakubaliana na Mzee Wakili kuhusu "wasii", na sisi twasema "wasia" wala si "wosia", lakini hilo si neno la kugombania.

Nina pingamizi mbili. Ya kwanza ni kuhusu hati yenyewe waliyopewa na mahakama ya Uingereza. Naona huko Tanzania mwapenda kuiita "hati ya uthibitisho wa wosia". Kwa Kenya jina hilo litaleta matatizo, kwa sababu mirathi yetu ina hatua mbili: kwanza mahakama hutoa hati, kisha baada ya miezi sita mtu hurudi kuomba hati hiyo ithibitishwe, na kabla ya kuthibitishwa haruhusiwi kugawa mali. Mkenya akisoma "uthibitisho" ataelewa kwamba hatua ya pili imekwisha na mali yaweza kugawanywa. Mimi huandika "hati ya mamlaka ya wasii", na sijawahi kurudishiwa.

Ya pili ni kuhusu "wadhamini wa amana". Kwetu watu wengi huita jambo hilo "wakfu", na magazeti huandika "wakfu" kwa mashirika ya aina hiyo kila siku. Je, "wakfu wa familia" haliwezi kufaa?

Ustadh_Pongwe

Hapo nitapinga kwa nguvu zote. Wakfu ni mali iliyozuiwa isiuzwe, isirithiwe, isitolewe hiba, na manfaa yake yakaelekezwa kwenye kheri au kwa kizazi. Mali hiyo haimrudii mtu akaimiliki. Hapa dada ametuambia kwamba mke akifa watoto wanagawana mali yenyewe, wanakwenda kuuza wakitaka. Mkiita hiyo wakfu, Mwislamu yeyote wa pwani atakayeisoma ataamini kwamba nyumba ya Chumbageni haiuziki mpaka siku ya kiyama.

Karani_Mombasa

Nimekuelewa, Ustadh, na kwa nyumba hii nakubali. Ila bado naona kwamba kwa Kenya neno hilo limekwisha kutoka mikononi mwa wanazuoni, na msomaji wa Nairobi hatashtuka. Labda ni suala la nani atakayeisoma.

Lugha_Dar

Naomba kurudi kwenye "wapwa", maana naona watu wazima wamelipita. Kwa kizazi changu hapa Dar es Salaam, mpwa ni mtoto wa ndugu yako yeyote, wa kaka au wa dada. Neno limepanuka. Sioni kwa nini mtafsiri wa kwanza alaumiwe.

MtafsiriTanga

Ndugu yangu, huenda Dar limepanuka, lakini wazee waliokaa kwenye kikao kile ni wa Tanga. Kwao mpwa ni mtoto wa dada, na mtoto wa kaka ni mtoto wako mwenyewe, anakuita baba mkubwa au baba mdogo. Marehemu ana dada mmoja mwenye watoto wawili na kaka wawili wenye watoto watano kwa jumla. Kiingereza kinawajumuisha wote saba kwa maneno mawili, la kiume na la kike, bila kuuliza wametokea upande gani. Ukisoma "wapwa" kwa Kiswahili cha wazee, watoto wawili wanapata pauni 7,000 kila mmoja. Ukisoma kwa Kiingereza cha marehemu, watoto saba wanapata pauni 2,000 kila mmoja. Siwezi kuliacha jambo la pauni 5,000 litegemee umri wa msomaji, kwa hiyo nitaandika "watoto wa kaka zangu na wa dada yangu".

Na hapo pia nimejizuia. Nilikuwa nimeandika "kaka zangu wa tumbo moja", nikafuta, kwa sababu mmoja wa hao kaka ni wa baba tu. Wosia hausemi lolote kuhusu tumbo. Kama kuna mtu anataka kubishana juu yake, abishane na maneno ya marehemu, asibishane na yangu.

Kifungu cha nne nacho kilikuwa na mtego wa namna hiyo. Marehemu amempa mke vitu vyake vya nyumbani na vya matumizi: samani, gari, nguo, saa, vitabu. Tafsiri ya kwanza ilisema "mali yangu yote binafsi". Kwetu mali binafsi ni kila kitu ambacho si cha serikali wala cha umma, pamoja na nyumba na fedha. Kwa kifungu hicho kimoja mtafsiri alikuwa amekwisha kumpa mke kila kitu kabla ya kufika kifungu cha saba.

Mwaka_wa_Nne

Nimekubali kuhusu wasii, na namshukuru Mzee. Naomba kuuliza jambo moja ambalo halijanikaa sawa. Kama kofia ya pili inaweza kuvaliwa miaka 25, na Fomu Na. 81 inatakiwa ndani ya mwaka mmoja, faili la Tanga litafungwaje? Jaji atauliza mali imegawanywa kwa nani, na jibu litakuwa kwamba haijagawanywa.

Wakili_Mstaafu

Hilo ni swali zuri, na ndiyo sababu tafsiri ya kifungu cha saba isiwe ya kukisia. Kwa ninavyoliona, hesabu itaonyesha kwamba wasii wamemaliza kazi yao ya kwanza kwa kuihamisha nyumba kutoka jina la marehemu kwenda kwa wao wenyewe wakiwa wadhamini wa amana, na hapo kazi ya mirathi imekwisha, hata kama mke na watoto hawajashika kitu mkononi. Tafsiri ikiwaita "wasimamizi wa mirathi" katika hatua zote mbili, itaonekana kama watu waliojigawia mali wenyewe, na jaji atakuwa na haki ya kukunja uso. Nimewahi kuona msajili akitaka muda uongezwe mwaka hadi mwaka badala ya kufunga faili, na nimeona mwingine akilifunga bila swali. Sitakudanganya kwamba desturi ni moja.

MtafsiriTanga

Nimekaa na michango yenu usiku wa jana, na hiki ndicho nilichofikia kwa kifungu cha saba:

"Sehemu yote ya mali yangu itakayosalia baada ya kulipwa gharama za mazishi, madeni, kodi na zawadi zilizotajwa katika wosia huu, nawapa wadhamini wangu wa amana waishike kwa masharti haya: watamlipa mke wangu pato litokanalo na mali hiyo kwa muda wote wa uhai wake, na baada ya kifo chake wataishika mali yenyewe kwa ajili ya watoto wangu watakaokuwa hai wakati wa kifo changu, kwa mafungu yaliyo sawa, isipokuwa kwamba endapo mtoto wangu yeyote atakufa kabla yangu na kuacha wazao, wazao hao watachukua, kwa kufuata shina lao, fungu ambalo mzazi wao angelipata."

Nimeacha kabisa neno "mabaki", kwa sababu kwetu mabaki ni makombo, na hii ndiyo sehemu kubwa kuliko zote: ina nyumba zote mbili na akiba karibu yote. "Watoto" na "wazao" nimeyatenganisha kama Kiingereza kilivyofanya. Kuhusu shina, nimepiga hesabu ya mfano ili nijiridhishe kwamba sentensi inatoa jibu moja tu. Tuchukue kwamba mali itakayokuwapo mke akifariki ni pauni 240,000. Mashina ni matatu, kila shina 80,000. Watoto wawili walio hai wanachukua 80,000 kila mmoja, na wajukuu wawili wa yule aliyetangulia wanagawana fungu la mzazi wao, 40,000 kila mmoja. Rafiki yangu niliyempa sentensi ya tafsiri ya kwanza alihesabu vichwa vinne na kupata 60,000 kwa kila mtu. Nilipompa hii mpya, bila kumweleza chochote, alipata jibu la kwanza.

Kwa hati ya mahakama nimefuata ushauri wa Mombasa na kuiita "hati ya mamlaka ya wasii". Neno "uthibitisho" nimeliacha.

Karani_Mombasa

Imekaa vizuri. Swali moja la kikarani: je, nakala uliyoonyeshwa ina alama yoyote pembeni, kama tundu la pini au kivuli cha kibanio? Uingereza alama kama hiyo huwafanya maafisa waulize kama kulikuwa na karatasi nyingine iliyoambatanishwa, yawezekana nyongeza ya wasia. Ukitafsiri na usiitaje, halafu karatasi hiyo ikajitokeza, utaulizwa wewe.

MtafsiriTanga

Nimeirudia nakala baada ya kusoma swali lako, na kweli, kwenye kona ya juu ya ukurasa wa kwanza kuna kivuli cha kibanio ambacho sikukiona mara nne nilizousoma. Nimemwandikia wakili wa familia, naye amewauliza wasii. Jibu limekuja leo asubuhi: karatasi iliyokuwa imebanwa hapo si nyongeza ya wosia, ni barua ambayo marehemu aliwaandikia wadhamini wake akieleza matamanio yake, na mojawapo ni kwamba nyumba ya Chumbageni isiuzwe maadamu dada yake anaishi humo. Barua haikushuhudiwa na mtu, na mahakama ya huko haikuipokea kama sehemu ya wosia.

Wakili anataka nisiitafsiri. Dada wa marehemu, aliyesikia habari zake kwa shemeji yake, anataka niitafsiri.

Wakili_Mstaafu

Itafsiri kama hati nyingine kabisa, kwa kiapo chake na kwa kurasa zake, kama wenye barua, yaani wadhamini, watakupa ruhusa. Isiunganishwe na wosia hata kwa pini. Na kila mahali alipoandika kwamba anatamani, wewe andika "ningependa". Usiandike "naagiza".

MtafsiriTanga

Ruhusa nimeiomba. Kiapo cha wosia nitakiapa Jumatatu, na kivuli cha kibanio nimekitaja kwenye maelezo ya ukurasa wa kwanza.